Shilingi 4,700 Zilizoficha 172,300: Lahajedwali ya Matumizi Inapogombana na Benki

Kila mwisho wa mwezi swali hurudi kwa watu wanaoandika matumizi yao kwenye Excel au Google Sheets: nimeandika kila kitu, mbona jumla yangu haifanani na ya benki? Majibu ya haraka ni mawili. Moja linasema benki imekata hela kimyakimya. La pili linasema aliyeandika alizembea. Jibu la kwanza humpeleka mtu kaunta akiwa na hasira na karatasi isiyothibitisha chochote. La pili humfanya aongeze mstari wa "marekebisho", alazimishe hesabu zilingane, na kuufunga mwezi.

Yote mawili yana chembe ya ukweli, ila yamesimama juu ya dhana moja ambayo haijachunguzwa: kwamba tofauti inayoonekana ni kitu kimoja chenye sababu moja. Mara nyingi si hivyo. Tofauti ya mwisho wa mwezi ni mabaki baada ya mambo kadhaa kufutana, na ukubwa wake hausemi lolote kuhusu ukubwa wa mambo hayo. Hapa tutachukua hali ya mfanyakazi wa Tanzania mwenye akaunti ya mshahara, kadi ya ATM na akaunti ya M-Pesa, kwa sababu mkanganyiko mwingi huzaliwa pale njia hizo tatu za kulipa zinapokutana katika daftari moja.

## Jumla mbili, maswali mawili

Taarifa ya benki, ambayo wengi huiita steitimenti, hujibu swali moja tu: ni fedha kiasi gani zimeingia na kutoka katika akaunti hii, na benki ilizihesabu tarehe gani. Haijui umenunua nini. Ukitoa 200,000 kwenye ATM, kwa benki hela hiyo imekwenda, hata kama 150,000 bado ziko mfukoni. Ukihamishia fedha kwenye M-Pesa, kwa benki imetoka, ingawa bado ni yako na hujanunua hata sukari.

Lahajedwali ya matumizi hujibu swali jingine: nimetumia kiasi gani, kwa jambo gani, na siku gani. Humo nauli ya bodaboda iliyolipwa kwa sarafu ina hadhi sawa na kodi ya nyumba iliyolipwa kwa kuhamisha fedha benki. Kwa hiyo mtu anapochukua "jumla ya matumizi" ya lahajedwali na kuiweka kando ya "jumla ya fedha zilizotoka" ya benki, analinganisha majibu ya maswali mawili tofauti. Zikilingana kabisa, hapo ndipo pa kushangaa.

Kinachoweza kulinganishwa kwa haki ni salio. Chukua salio la mwanzo wa mwezi, ongeza yaliyoingia, toa yaliyotoka kwa akaunti ile ile, na uone kama unafika kwenye salio la mwisho ambalo benki inalionyesha kwa tarehe ile ile. Salio la mwanzo likiwa halilingani tangu tarehe 1, usipoteze muda kutafuta ndani ya mwezi huu. Kosa liko mwezi uliopita au kabla yake. Angalia pia ni salio gani unalolisoma. Programu ya benki kwenye simu inaweza kuonyesha salio unaloweza kutumia, ambalo tayari limepunguzwa kwa fedha zilizoshikiliwa na malipo ya kadi ambayo hayajakamilika, au kwa kiwango cha chini ambacho akaunti hairuhusiwi kushuka. Salio la kusuluhishia ni lile lililoandikwa kwenye taarifa, mstari wa mwisho wa siku.

Kazi hii wahasibu wanaiita usuluhisho wa benki, na wao hugawa tofauti katika mafungu matatu: mambo ambayo upande mmoja umeyahesabu mapema kuliko mwingine, mambo ambayo upande mmoja unayajua na mwingine haujayapata, na makosa. Katika hesabu za nyumbani kuna fungu la nne, ambalo ndilo kubwa kuliko yote: fedha iliyohama kutoka mfuko mmoja wa mwenyewe kwenda mwingine, ikaandikwa kama matumizi.

## Machi ya mfano

Tuseme mfanyakazi huyu alianza Machi akiwa na salio la 640,000, na benki inakubali. Mshahara ulioingia ni 1,150,000. Lahajedwali yake inaonyesha matumizi ya 1,287,400, hivyo kwa hesabu yake anapaswa kubaki na 502,600. Taarifa ya benki ya tarehe 31 inaonyesha 507,300. Benki ina 4,700 zaidi ya lahajedwali.

Hapa wengi wanaacha. Ni hela ndogo, na iko upande mzuri. Lakini mistari ikipitiwa mmoja baada ya mwingine, yanajitokeza mambo matano.

La kwanza, alilipa dukani kwa kadi 64,500 tarehe 30, akaandika siku hiyo hiyo. Benki iliuhesabu muamala huo Aprili mosi. La pili, makato: ada ya mwezi, ada za ATM na ada za kuhamishia fedha kwenye simu, jumla 11,800, ambazo hakuziandika kabisa. La tatu, alinunua umeme wa LUKU kwa 54,000 akaandika 45,000, yaani tarakimu mbili zimebadilishana nafasi. La nne, alitoa 200,000 kwenye ATM, lakini badala ya kuandika utoaji huo aliandika vitu alivyonunua kwa fedha hiyo, ambavyo jumla yake ni 137,000. Hizo 63,000 zilizobaki haziko popote kwenye lahajedwali. La tano, alihamishia M-Pesa 24,000 ili alipie king'amuzi. Akaandika uhamisho kama matumizi, na alipolipia akaandika tena.

Mambo mawili, la kwanza na la tano, yanaifanya benki ionekane na fedha zaidi: 88,500. Matatu yaliyobaki yanaifanya ionekane na pungufu: 83,800. Toa moja kwenye nyingine, unapata 4,700 ile ile. Ukijumlisha mambo yenyewe bila kuyaacha yafutane, ni 172,300.

Usuluhisho wake ukiandikwa unasimama hivi, kila upande ukisahihishwa kwa yale usiyoyajua:

| Upande | Shilingi |
|---|---|
| Salio la benki, 31 Machi | 507,300 |
| Toa: malipo ya kadi ambayo hayajafika | 64,500 |
| Salio la benki lililosahihishwa | 442,800 |
| Salio la lahajedwali | 502,600 |
| Toa: makato ya benki | 11,800 |
| Toa: kosa la LUKU | 9,000 |
| Toa: taslimu iliyotolewa bila kuandikwa | 63,000 |
| Ongeza: king'amuzi kilichoandikwa mara mbili | 24,000 |
| Salio la lahajedwali lililosahihishwa | 442,800 |

Kuna jambo moja zaidi ambalo jedwali halilionyeshi. Tuseme tarehe 31 jioni alikuwa na 18,000 mfukoni kutoka kwenye ile taslimu. Basi katika zile 63,000, alizotumia kweli ni 45,000. Matumizi yake halisi ya Machi ni 1,287,400, ongeza makato 11,800, ongeza 9,000 za umeme, ongeza 45,000 za taslimu, toa 24,000 za king'amuzi: jumla 1,329,200. Benki inasema zimetoka 1,282,700. Lahajedwali ilisema 1,287,400. Jumla hizo mbili zilikaribiana sana, na zote mbili zilikuwa pungufu ya ukweli kwa zaidi ya 40,000.

## Kabla ya kumshuku mtu, ishuku fomula

Kuna makosa ambayo hayako kwenye miamala hata kidogo. Yako kwenye namna lahajedwali inavyojumlisha. Haya yamalizwe kwanza, kwa sababu ukianza kutafuta muamala uliopotea wakati fomula inaruka mistari, utatafuta usiku kucha.

La kawaida zaidi ni namba iliyohifadhiwa kama maandishi. Ukinakili mistari kutoka kwenye taarifa ya PDF, kiasi kinaweza kuja na nafasi tupu iliyofichika, au herufi TZS mbele yake. Machoni ni namba; kwa `SUM` si kitu, inakiruka bila kutoa onyo. Kipimo chake ni rahisi. Hesabu seli zenye namba, kisha hesabu seli zote zisizo tupu, katika safu ile ile:

```
=COUNT(D2:D61)
=COUNTA(D2:D61)
```

Majibu yakitofautiana, kuna mistari inayoonekana lakini haijumlishwi. Dalili nyingine inaonekana kwa jicho: namba halisi hujipanga upande wa kulia wa seli, maandishi upande wa kushoto, ilimradi hujabadilisha mpangilio mwenyewe.

Kisha kuna wigo wa fomula usiofika mwisho. Mtu ameongeza mistari chini ya mstari wa 61, fomula imebaki pale pale. Kosa hili haliwapati wanaoanza tu. Mwaka 2013 Thomas Herndon, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Massachusetts Amherst, alipopewa lahajedwali ya wachumi Carmen Reinhart na Kenneth Rogoff, aliona kwamba fomula ya wastani iliishia mstari wa 44 badala ya 49, na nchi tano zikaachwa nje ya hesabu. Utafiti huo wa deni la taifa na ukuaji wa uchumi ulikuwa umenukuliwa na wanasiasa wa nchi kadhaa. Kama liliwapita wao, litampita mtu anayejumlisha matumizi saa nne usiku.

Tarehe nazo zina mtego wake. Kompyuta iliyowekwa mpangilio wa Kimarekani husoma 03/04 kama Machi 4, wakati aliyeandika alimaanisha Aprili 3. Ubaya wake uko katika kutofautiana kwa madhara: siku kuanzia tarehe 13 haziwezi kusomwa kama mwezi, hivyo hubaki maandishi na unaziona, lakini siku za 1 hadi 12 hugeuzwa kimya kimya na kuhamia mwezi mwingine. Ukiona jumla ya mwezi imepungua na nusu ya kwanza ya mwezi ina mistari michache kuliko ulivyotarajia, anzia hapo. Na kama umechuja mistari, kumbuka `SUM` hujumlisha hata iliyofichwa, ilhali `SUBTOTAL(109,D2:D61)` hujumlisha inayoonekana tu. Mtu akitumia moja leo na nyingine kesho, atapata tofauti isiyo na muamala wowote nyuma yake.

## Pengo linavyotembea ndani ya mwezi

Baada ya fomula kusafishwa, njia inayofanya kazi vizuri kuliko zote haihitaji kuikodolea macho tofauti ya mwisho. Inahitaji kuifuata toka ilipozaliwa. Benki imekurahisishia: kila mstari wa taarifa yake unaonyesha salio baada ya muamala huo. Weka safu ya salio linalotembea kwenye lahajedwali yako pia, ambapo C ni fedha iliyoingia, D iliyotoka, na E salio:

```
=E2+C3-D3
```

Kisha linganisha salio la mwisho wa siku kati ya pande mbili, si lazima kila siku. Anza katikati, tarehe 15. Zikilingana, tatizo liko nusu ya pili. Zisipolingana, lina mwanzo nusu ya kwanza. Gawa tena. Kwa mwezi mzima huhitaji zaidi ya ulinganisho wa mara tano kupata siku ambayo pengo la kwanza lilifunguka. Ukilisahihisha, endelea kutoka hapo hadi pengo linalofuata. Tahadhari ni moja: salio likilingana tarehe 15 kwa bahati kwa sababu makosa mawili yamefutana, mgawanyo utakudanganya. Ndiyo maana mwishoni mistari yote bado inapaswa kuwekewa alama pande zote mbili, mmoja kwa mmoja.

Uzuri wa kulifuata pengo ni kwamba mwenendo wake unataja sababu. Pengo linalofunguka na kujifunga lenyewe baada ya siku moja hadi tatu ni suala la muda: kadi ililipwa Ijumaa, benki ikahesabu Jumatatu. Halihitaji kusahihishwa, linahitaji kusubiriwa na kuandikwa. Pengo linalofunguka kwa kiasi kikubwa na kubaki vile vile ni muamala uliosahaulika au ulioandikwa mara mbili. Na pengo linaloongezeka kwa hatua ndogondogo, kila baada ya utoaji au uhamisho, ni makato.

Makato yanastahili neno zaidi, kwa kuwa ndiyo yanayochochea tuhuma nyingi. Mtu huandika kiasi alichotoa, 50,000, kwa sababu ndicho kilichotoka mashineni. Benki inaweza kuandika utoaji mstari mmoja na ada mstari mwingine, wakati mwingine chini kabisa, na kodi zilizo juu ya ada hiyo, ikiwemo VAT, zikatengwa au zikaunganishwa. Baadhi ya watu wamejaribu kulimaliza hili kwa kuweka ada ya kudumu ndani ya fomula, ili kila utoaji uongezewe kiasi fulani. Njia hiyo ni dhaifu, na historia ya karibuni inaonyesha sababu. Tozo ya miamala ya simu ilianza Julai 2021, ikapunguzwa mwezi Septemba mwaka huo huo, ikapanuliwa kugusa miamala ya benki mwaka 2022, kisha ikaanza kufutwa kwa awamu. Aliyeweka kiwango kimoja kwenye fomula alikuwa na lahajedwali iliyokosea kwa uaminifu mkubwa. Ada ziandikwe kutoka kwenye taarifa au kwenye ujumbe wa simu, kila moja na mstari wake.

Kuhusu hila za hesabu ambazo wahasibu wa zamani walifundishana: mbili zina thamani ya kweli, ila kwa sharti. Ya kwanza, tofauti ikigawanyika kwa 9 bila baki, huenda tarakimu mbili zimebadilishana. Ya pili, gawa tofauti kwa mbili. Ukipata kiasi kinachofanana na muamala wako mmoja, huenda umeuweka upande usio wake, mathalani fedha iliyorudishwa na duka ikaandikwa kama matumizi. Sasa zijaribu kwenye 4,700. Haigawanyiki kwa 9. Nusu yake ni 2,350, na hakuna muamala kama huo. Hila zote zimeshindwa, ingawa kosa la tarakimu lipo mle ndani. Lakini mambo mengine manne yakishaondolewa, kinachobaki ni 9,000. Gawa kwa 9, unapata 1,000, na hiyo inakuambia hata pa kutazama: tarakimu ya makumi elfu na ya maelfu, zinazopishana kwa moja. Tano na nne. Hila hizi hufanya kazi kosa likiwa limebaki peke yake. Kuanza nazo ni kupiga ramli.

## Misimamo mitatu

Msimamo wa kwanza unasema benki ndiyo yenye neno la mwisho. Weka mstari wa marekebisho, fanya salio lilingane, songa mbele. Nguvu yake ni halisi. Lahajedwali isiyofungwa kwenye salio la benki hubeba kosa la Januari hadi Desemba, na kadiri miezi inavyopita ndivyo kosa linavyokuwa gumu kufukuliwa. Anayerekebisha kila mwezi angalau anaanza kila mwezi akiwa safi. Udhaifu wake umeonekana kwenye Machi yetu: marekebisho yangekuwa 4,700, na mwenye nayo angeamini ametumia 1,282,700, wakati ametumia 1,329,200. Marekebisho huponya salio na kuacha matumizi yakiwa na kosa lote, na aliyefungua lahajedwali ya matumizi alitaka kujua matumizi.

Msimamo wa pili ni wa kinyume: hakuna kufunga mwezi mpaka kila shilingi ionekane. Ndio unaofundisha zaidi, na miezi miwili au mitatu ya mwanzo pengine hauna mbadala, kwa sababu ndipo mtu anagundua makosa yake ya tabia, kama kuandika uhamisho kuwa matumizi. Baada ya hapo gharama yake inapanda. Saa mbili za Jumapili kutafuta 600 za sambusa si uangalifu tena. Zaidi ya hayo, taslimu haikubali nidhamu hiyo. Chenji iliyopotea haina mstari popote, na kuibunia mstari ni kuandika uongo uliopangwa vizuri.

Msimamo wa tatu umeshika kasi tangu benki zilipoanza kutoa taarifa za kupakua: acha kuandika kwa mkono, chukua faili la CSV, panga mafungu, basi. Makosa ya tarakimu yanatoweka, makato yanakuja yenyewe, na kazi ya saa nzima inakuwa ya dakika chache. Hata hivyo una mapungufu mawili, na la pili ni zito kuliko linavyosemwa. La kwanza ni kwamba faili linaonyesha utoaji wa ATM wa 200,000 na kunyamaza. Kwa mtu anayelipia soko, nauli na fundi kwa taslimu, sehemu kubwa ya maisha yake inabaki mstari mmoja. Mtu akipakua vipindi vinavyopandana, mathalani tarehe 1 hadi 20 na baadaye 15 hadi 31, miamala ya katikati huingia mara mbili pia, ingawa hilo hutibika kwa kukagua namba za kumbukumbu za miamala.

La pili ni hili. Usuluhisho una maana kwa sababu rekodi mbili zimeandikwa na watu wawili tofauti kutoka vyanzo viwili tofauti. Lahajedwali iliyojazwa kutoka kwenye taarifa ya benki italingana na taarifa ya benki siku zote, na kulingana huko hakuthibitishi chochote. Benki ikikukata mara mbili, lahajedwali yako nayo itaandika mara mbili na kukuonyesha hesabu iliyonyooka.

## Benki inapokosea kweli

Hutokea, ingawa mara chache kuliko inavyolalamikiwa. Sura zake za kawaida ni tatu: malipo ya kadi yaliyokatwa mara mbili baada ya mtandao kusuasua dukani, ATM iliyokata salio bila kutoa noti, na uhamisho kwenda simu ulioshindikana huku fedha ikiwa imeshatoka. Nyingi katika hizo hujirudisha zenyewe baada ya siku kadhaa, kwa mstari wa kuingiza fedha unaofuta ule wa kwanza, na hapo zinakuwa pengo la muda kama mengine.

Kosa la kweli hutambulika kwa kuwa lina umbo. Malipo yaliyojirudia ni mistari miwili yenye kiasi kimoja, tarehe moja au zinazofuatana, kwa duka lile lile, na upande wako kuna risiti moja. Namba za kumbukumbu za mistari hiyo huwa tofauti, na ni vema ziandikwe kwenye malalamiko. Kulalamika kwamba "hesabu yangu imepungua 4,700" hakumpi ofisa wa benki pa kuanzia, na ukweli ni kwamba hata mwenye akaunti hana pa kuanzia. Malalamiko hupelekwa kwanza kwenye benki yenyewe kwa maandishi. Mteja asiporidhika anaweza kuyafikisha Benki Kuu ya Tanzania, ambayo ina kanuni za kumlinda mtumiaji wa huduma za fedha za mwaka 2019. Muda unapungua haraka katika mambo haya. Anayesuluhisha kila wiki atagundua malipo yaliyojirudia wakati karatasi ya mashine bado inasomeka.

## Uzito uelekee wapi

Ukizipima hoja hizi, hakuna upande unaostahili kuaminiwa kwa kila jambo. Kwa salio, benki iaminiwe mpaka mstari maalumu uthibitishe vinginevyo. Kwa maana ya matumizi, lahajedwali ndiyo pekee inayojua. Mgongano mwingi hupungua mara mtu anapoacha kuwa na orodha moja ya matumizi na kuanza kuwa na akaunti tatu ndani ya faili moja: Benki, M-Pesa na Taslimu. Utoaji wa ATM unakuwa uhamisho kutoka Benki kwenda Taslimu, wala si matumizi. Fedha ya king'amuzi inahama kutoka Benki kwenda M-Pesa, na inakuwa matumizi mara moja tu, inapolipwa. Katika Machi yetu mambo mawili kati ya matano, la nne na la tano, yasingezaliwa, na kila akaunti ingekuwa na kipimo chake: taarifa ya benki, salio la M-Pesa linaloonekana kwenye ujumbe wa mwisho, na noti za mfukoni zikihesabiwa kwa mkono.

Gharama yake ni mistari zaidi ya kuandika, na nidhamu ya kuhesabu taslimu siku ile ile unayosoma salio la benki. Kwa mtu ambaye karibu malipo yake yote hupita kwenye kadi na simu, gharama hiyo ni ndogo, na anaweza kuchukua CSV ya benki ilimradi abaki na rekodi yake ya malipo makubwa, ambayo hakuinakili kutoka kwenye faili hilo. Kwa mwenye kuishi kwa taslimu zaidi, kuandika kwa mkono bado kunashinda.

Linabaki suala la tofauti isiyopatikana. Ikubaliwe, lakini baada ya mistari yote ya benki kuwekewa alama, na si kwa sababu ni ndogo. Upande wa benki na wa M-Pesa haipaswi kubaki hata shilingi, kwa kuwa kila kitu pale kina mstari. Kwenye taslimu itabaki, na iandikwe katika fungu lake lenye jina lisilopambwa, "Haijulikani", lisichanganywe na chakula wala nauli. Fungu hilo lisomwe kwa miezi kadhaa mfululizo. Likipanda mwezi huu na kushuka unaofuata, ni chenji na kumbukumbu za binadamu. Likielekea upande mmoja kila mwezi, 15,000, 17,000, 14,000, kuna matumizi ya kudumu ambayo bado hayajapewa mstari.